Maandishi ya video ya wima yakae wapi?

Swali: Video ya mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, wilayani Same, inaonekana vizuri kwenye programu ya kuhariri, lakini ikipandishwa TikTok bei iliyoandikwa chini haionekani. Kwa nini?

Jibu: Programu ya kuhariri huonyesha fremu tupu ya pikseli 1080 kwa 1920. TikTok huweka juu yake jina la akaunti na maelezo upande wa chini, na vitufe vya kupenda, maoni na kushiriki upande wa kulia. Vipimo hubadilika kwa simu na toleo, hivyo ni busara kuacha nafasi kubwa: takriban pikseli 220 juu, 450 chini na 150 kulia.

Maandishi ya katikati yasizidi upana wa pikseli 780, yaani 1080 ukiondoa 150 kila upande. Mstari wa mwisho wa bei uishie kabla ya pikseli ya 1470 kutoka juu. Kosa la kawaida huanzia kwenye kupiga picha: mkulima akijaza fremu, maandishi hufunika uso wake. Kamera irudishwe nyuma kidogo, uso ukae theluthi ya juu, baada ya pikseli 220 za juu, na milima ya Upare ibaki nyuma yake.

Kabla ya kuitangaza, video ipandishwe kwa faragha na kukaguliwa kwenye simu, ikiwa na maelezo marefu kama yatakavyokuwa.