Muziki Ulizidi Jana? Vidokezo 7 vya Kumwomba Radhi Mwenye Nyumba

Wageni wameshaondoka, sabufa imenyamaza, na Jumapili asubuhi umemsalimia mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa tu. Pole! Lakini usianze kufungasha. Kosa la namna hii hurekebishika siku hiyohiyo, ukijua pa kuanzia.

Tumfuate dada mmoja, mpangaji wa chumba na sebule huko Tabata, Dar es Salaam. Alikuwa amemaliza diploma yake, akaita marafiki kama ishirini, na muziki ukapigwa hadi saa nane na nusu usiku. Nyumba ina wapangaji wanne wanaotumia LUKU moja, na mwenye nyumba, Mzee anayeheshimiwa na wote, anaishi upande wa mbele na mkewe. Kufikia magharibi ya Jumapili mambo yalikuwa yameisha. Alifanyaje?

1. Shika Ufagio Kabla ya Maneno

Ukienda kuomba radhi huku chupa zimetapakaa uani, nani atakuelewa? Dada aliamka saa moja, akaokota chupa na sahani, akazoa majivu ya nyama choma, akapiga deki choo cha pamoja na kurudisha kamba ya kuanikia nguo mahali pake.

Na hapa kuna faida nyingine: unapofagia unagundua kilichoharibika. Yeye alikuta koki ya bomba la uani imevunjika mpini. Akapita duka la vifaa, akanunua mpya ya nusu inchi, akampigia fundi. Zunguka na wewe, tazama bomba, taa ya nje, geti na ukuta. Kitu ambacho hukukitaja, mwenye nyumba akakivumbua mwenyewe Jumanne, kinafuta radhi yote ya Jumapili.

2. Pitia kwa Majirani Kwanza

Mwenye nyumba atakuuliza tu: "Na wenzako umeshawaona?" Uwe na jibu. Mara nyingi wao ndio waliompelekea malalamiko, na wao ndio wanaoweza kumwambia, "Alikuja kwetu, tumeyamaliza."

Dada aligonga milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mama mwenye mtoto wa miezi miwili, ambaye usiku kucha alimbembeleza mtoto bila mafanikio. Wa pili haukuwa na shida, kijana yule ni mlinzi na usiku alikuwa lindoni. Mlango wa tatu ndio uliouma. Mama muuza maandazi huamka saa kumi alfajiri kukanda unga, na alfajiri ile alikuta giza: uniti za LUKU walizochanga wote zilikuwa zimeishia kwenye sherehe. Alikanda kwa tochi ya simu.

Dada hakuongeza maneno mengi. Alinunua umeme wa shilingi elfu kumi palepale, akaingiza zile tarakimu 20 za tokeni kwenye mita mama yule akiona, ndipo akasema, "Mama, nisamehe, hasara hii ni yangu, sitaki mchange tena." Lipa kwanza kinacholipika. Usingizi haulipiki, lakini umeme, koki na glasi vinalipika.

3. Chagua Saa, Ila Isiwe Kesho

Usimgongee saa moja asubuhi mtu ambaye hakulala. Usimwendee pia anapojiandaa kwa swala, au anapotoka kwenda kanisani. Dada alisubiri baada ya alasiri, Mzee akiwa ameketi barazani na kahawa yake. Nenda peke yako, au na mtu mzima anayeheshimika pale nyumbani kama unajua Mzee ni mkali. Usiende na wale marafiki wa jana!

Kuahirisha hadi kesho kunakugharimu, kwa sababu kila mtu atakayepita barazani ataongeza chumvi yake, na muziki wa saa nane na nusu utafika saa kumi na moja.

4. Litaje Kosa kwa Jina Lake

Hiki ndicho kidokezo kikubwa, kwa hiyo tukae nacho kidogo. Watu wengi huharibu hapa kwa maneno mawili: "kama nimekukwaza". Kama? Mtu hakulala! Mengine ya kuyaacha nyumbani ni "tulikuwa tunafurahi kidogo tu" na "hata jirani wa nyuma hupiga muziki". Muungwana akivuliwa nguo huchutama, hasimami akaeleza.

Mazungumzo ya dada yalikwenda hivi:

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba." Fupi, bila "hujambo mwanangu" ya siku zote.

"Mzee, nimekuja kukuomba radhi. Jana nilifanya sherehe na muziki ukapigwa hadi saa nane na nusu usiku. Mama hakuwa anajisikia vizuri na mimi sikumfikiria. Wageni walikuwa wangu, kwa hiyo kosa ni langu. Vilevile mgeni mmoja alivunja koki ya bomba la uani. Nimeshanunua nyingine, na fundi anakuja saa kumi na moja jioni."

Kisha akanyamaza. Hiyo ndiyo mbinu yenyewe! Ametaja saa, ametaja aliyeumia, amebeba kosa la wageni wake, na amesema kuhusu koki kabla hajaulizwa. Akimaliza hapo, zamu ni ya Mzee. Naye Mzee alisema, dakika kumi nzima, kuanzia shinikizo la damu la mkewe hadi mpangaji wa zamani aliyegeuza sebule kuwa baa. Dada alisikiliza, akaitikia "ni kweli Mzee", hakumkatiza hata pale alipotajiwa mambo yasiyokuwa yake. Mtu aliyeudhika akipewa nafasi ya kuyatoa yote, sauti yake hushuka yenyewe. Ukimkatiza katikati, ataanza upya kutoka mwanzo.

5. Ahadi Iwe na Saa Ndani Yake

"Haitarudia tena" kila mtu anaisema. Mwenye nyumba anataka kujua kitabadilika nini hasa. Dada aliahidi mambo matatu: muziki utazimwa saa nne usiku, wageni wa ndani hawatazidi kumi, na sherehe yoyote kubwa zaidi itafanyika ukumbini. Ahadi ya hivyo inapimika. Saa nne ikifika, Mzee atasikia mwenyewe kama umeitimiza.

Kuna jambo moja la sabufa ambalo wengi hawalijui. Wewe sebuleni unasikia muziki wa kawaida, jirani anasikia "dum, dum" tupu. Sauti nzito hupenya ukuta kirahisi kuliko sauti nyembamba, hasa sabufa ikiwa imekaa sakafuni na kuegemea ukuta mnaochangia. Isogeze mbali na ukuta huo, iweke juu ya zulia au godoro dogo lililokunjwa, kisha punguza besi kabla ya kupunguza sauti. Ukitaka kupima, weka kiganja ukutani. Kama ukuta unatetemeka, kitanda cha jirani nacho kinatetemeka. Halafu toka nje, funga mlango, usikilize ukiwa mlangoni kwake.

Na tusilichukulie hili kuwa suala la adabu tu. Tanzania ina Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mikataba mingi ya pango nayo ina kifungu cha kutosumbua wapangaji wengine. Soma wako leo.

6. Omba Uelewa wa Kitu Kimoja Tu

Baada ya ahadi ndipo unaomba, na uombe kidogo. "Mzee, naomba unielewe, unipe nafasi niitimize ahadi hii." Basi! Usichomekee ombi la kusogezewa kodi, wala lile bati linalovuja chumbani. Hayo ni madai halali, ila yana siku yake. Ukiyachanganya, radhi yako itaonekana ilikuwa njia ya kufikia kodi.

Usitegemee pia kusikia "nimekusamehe" palepale. Mzee alijibu, "Nimekusikia. Sasa nenda ndani ukaongee na Mama." Hilo lilikuwa sharti, na lilikuwa la haki, kwani aliyeumia zaidi ni Mama. Dada akaingia, akapiga magoti kusalimia, akarudia maneno yaleyale bila kufupisha. Mama akamshika bega: "Yameisha mwanangu. Lakini lile sabufa…" Wakacheka wote wawili.

Je, ukiambiwa tu "nimekusikia" na uso haujakunjuka? Usiende kila siku kubembeleza. Timiza ahadi wiki moja, kisha rudi na swali fupi: "Mzee, wiki hii mmepumzika vizuri?" Akiendelea kukataa hata salamu, mwombe mtu mzima anayeaminiwa na nyote wawili akusemee.

7. Akikaa Mbali, Mpigie. Akitaka Maandishi, Andika

Wenye nyumba wengi hawaishi kwenye nyumba wanazopangisha. Hapo piga simu wewe wa kwanza, kabla jirani hajapiga. Asipopokea, tuma ujumbe wa namna hii:

"Shikamoo Mama. Ni mimi mpangaji wa chumba cha pili. Jana usiku nilifanya sherehe na muziki ulizidi hadi saa nane na nusu. Nimekosa, naomba radhi. Majirani nimeshawaona na uharibifu nimeurekebisha. Kuanzia sasa muziki ni mwisho saa nne usiku. Naomba nikupigie jioni ukipata nafasi."

Kama umeshapewa onyo la maandishi, jibu kwa barua ya ukurasa mmoja: tarehe, chumba chako, kilichotokea na saa yake, ulichorekebisha, ahadi, ombi, sahihi. Toa nakala mbili, mwenye nyumba asaini yako kuonyesha ameipokea, uitunze pamoja na mkataba. Ila kuwa makini na sentensi moja ambayo watu huandika kwa hofu: "Nikirudia nitahama siku hiyohiyo." Usiiandike! Mkataba wako huenda unakupa muda wa notisi, na kwa sentensi hiyo unautoa mwenyewe. Andika "nikirudia, mkataba ufuatwe", inatosha.

Sasa, sherehe yako ilikuwa jana? Weka simu chini, shika ufagio. Alasiri ya leo bado ipo.