Mvumo Usio na Ugonjwa: Barua kwa Wazazi Wanaoishi Kiboko

Wapendwa Baba na Mama,

Binti yenu hana ugonjwa wa moyo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo mlilolitafuta mlipoifungua barua hii. Sauti ya ziada aliyoisikia afisa wa kliniki pale Makindu, mlipompeleka mtoto akiwa na homa na kikohozi, ipo kweli. Nami niliisikia. Afisa yule alifanya vyema kuwaleta kwangu, maana kazi yake ni kuisikia na kazi yangu ni kuwaambia inatoka wapi.

Tulipokutana mliniuliza mengi kwa haraka, na nyanya yake akaongeza ya kwake mlangoni. Nawajibu hapa kwa utulivu, ili mweze kusoma tena nyumbani na kumwonyesha yeyote atakayeuliza.

Sauti hiyo ni nini?

Moyo wa kawaida husikika kama mapigo mawili, moja la kwanza na la pili likifuata upesi. Ni milango ya moyo, tunayoiita vali, inapojifunga. Katikati ya mapigo hayo huwa kimya. Kwa binti yenu, baada tu ya pigo la kwanza, kuna mvumo mfupi, laini, mzito kidogo, unaofanana na uzi wa zeze uliokung'utwa ukatetema. Unasikika zaidi upande wa kushoto wa mfupa wa kifua, kwa chini, na hauendi mbali kutoka hapo.

Mvumo wa namna hii una jina. Madaktari huuita kwa jina la George Frederic Still, daktari wa watoto wa London aliyeueleza mwaka 1909. Tangu wakati huo umesikika kwa watoto wa kila nchi, hasa wa kati ya miaka 3 na 7. Chunguza shule nzima ya chekechea kwa makini, katika chumba kisicho na kelele, na utawakuta wengi wenye mvumo kama huu au wa aina nyingine isiyo na madhara. Kifua cha mtoto ni chembamba, moyo uko karibu na ngozi, na damu hutoka kwa kasi kupitia njia ambayo bado ni ndogo. Mtetemo unaotokea hapo kwa mtu mzima mara nyingi haufiki masikioni. Kwa mtoto unafika.

Je, si tundu la moyo?

Hili Baba aliliuliza mara mbili, na lilistahili kuulizwa. Afadhali niwaeleze nilivyolifikia jibu kuliko kuwaomba mniamini tu.

Mtakumbuka nilimsikiliza akiwa amelala chali, kisha nikamketisha, kisha nikamsimamisha juu ya kiti huku akicheka. Haikuwa mchezo. Mtoto akilala, damu nyingi zaidi hurudi moyoni, kila pigo husukuma damu nyingi, na mvumo usio na ugonjwa huongezeka. Akisimama, damu hubaki zaidi miguuni na mvumo hupungua. Wa binti yenu ulisikika wazi alipolala, na aliposimama ulikaribia kupotea. Tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo halijali mtoto amekaaje: sauti yake ni kali, ya kukwaruza, na hujaza nafasi yote kutoka pigo la kwanza hadi la pili. Tena kuna ugonjwa mmoja wa nadra, wa misuli ya moyo kunenepa kupita kiasi, ambao hufanya kinyume kabisa: mvumo wake huongezeka mtu akisimama. Huo ndio niliokuwa nauwinda pale kwenye kiti, na ndiyo sababu niliwauliza kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyeanguka na kufa ghafla akiwa kijana. Mlisema hakuna.

Tundu la vyumba vya juu ni janja zaidi. Mvumo wake huwa laini na unaweza kumdanganya msikilizaji mwenye haraka. Hapo sitegemei mvumo, nategemea pigo la pili. Kwa mtoto mzima, pigo hilo hugawanyika kidogo anapovuta pumzi, likaungana tena anapoitoa. Mwenye tundu la juu, mgawanyiko haubadiliki na pumzi. Ndiyo maana nilimwomba avute hewa polepole na nikakaa kimya muda mrefu hata Mama akaingiwa na wasiwasi. Lilikuwa likigawanyika na kuungana kama inavyopaswa.

Kisha nikamgusa mapajani, kwenye mkunjo wa nyonga, nikihisi mapigo ya damu ya pande zote mbili. Yangekuwa dhaifu au hayapo, ningeshuku kwamba mshipa mkuu unaotoka moyoni umebanwa mahali fulani. Yalikuwa na nguvu. Oksijeni kidoleni ilikuwa 98 kwa mia, presha 94 kwa 58, na kilo zake 18 zinamfaa mtoto wa miaka 5.

Kwa dalili hizo tu, mara nyingi ningewaambia mwende nyumbani bila kipimo kingine. Niliagiza ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mliyoiona kwenye skrini, kwa sababu moja: katika nchi yetu vali za watoto huharibiwa na homa ya rumatiki, na sikutaka kuwaachia shaka. Vali zote nne zinafunga vizuri. Hakuna tundu. Misuli ina unene wa kawaida.

Basi mbona hapo awali hakuna aliyesikia?

Kwa sababu siku ile alikuwa na homa. Homa huuendesha moyo mbio na damu hutoka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mvumo uliokuwa umejificha hujitokeza. Kuna jambo la pili pia, na hili ndilo peke yake ninalotaka mlishughulikie. Kipimo cha damu kilionyesha himoglobini 9.6. Kwa umri wake tungependa isipungue 11.5. Damu ikipungua huwa nyepesi na moyo huizungusha kwa kasi, na hilo nalo hukuza mvumo.

Dawa ya madini ya chuma niliyoandika apewe kila siku kwa miezi 3, hata akionekana amechangamka baada ya wiki mbili. Choo chake kitakuwa cheusi, msishtuke. Chupa iwekwe juu, mbali na mikono yake na ya mdogo wake, kwa sababu mtoto akiinywa yote kwa mkupuo inaweza kumuua. Chakula mnacho: muthokoi wenye kunde au maharagwe mengi, ndengu, na nyama au maini mnapojaliwa. Chungwa au embe baada ya kula husaidia mwili kuyachukua yale madini, nanyi mnaishi katika kaunti ya maembe. Chai ndiyo adui hapa. Ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo, kwa hiyo msimpe chai wakati wa mlo wala wakati wa dawa.

Apumzike? Asikimbie?

Hapana. Mama alisema amemzuia kuruka kamba na kwamba anamsindikiza hadi shuleni akihofia ataanguka njiani. Mwacheni aruke, akimbie, acheze mpira, apande miti kama wenzake. Hakuna hata mchezo mmoja uliokatazwa. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba moyo wake ni mbovu mwishowe huamini, akajitenga, akaogopa mapigo yake mwenyewe. Nimewaona watoto wa namna hiyo, wazima kabisa, wameketi kivulini wenzao wakicheza, na hayo ndiyo madhara pekee ninayoyajua yanayoletwa na mvumo huu. Tafadhali mwambieni mwalimu wake pia.

Aking'olewa jino, hahitaji dawa ya kukinga moyo. Chanjo zake ziendelee kama kawaida. Akihitaji upasuaji wa jambo lingine siku moja, mtaje mvumo huu kwa anayemlaza usingizi, naye aendelee na kazi. Na kwa Nyanya, ambaye aliuliza kuhusu mizizi ya kuchemsha: hakuna ugonjwa wa kutibiwa, kwa hiyo hakuna dawa ya moyo, ya hospitali wala ya porini, anayopaswa kunywa.

Mvumo utaisha lini?

Kwa wengi hufifia kadiri kifua kinavyokua, na wengi hawana tena wanapofika ujana. Wachache hubaki nao hadi utu uzima na hauwadhuru. Utasikika na kupotea mara nyingi kabla ya hapo, hasa akiwa na homa. Daktari mwingine akiusikia na kuwashtua, mwonyesheni barua hii na ile karatasi ya picha ya moyo. Ziwekeni ndani ya kitabu chake cha kliniki.

Kuna lolote la kuangalia?

Barua hii inasema jinsi moyo wake ulivyo leo. Haimkingi na homa ya rumatiki, ambayo huanza na koo. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio huipata zaidi, naye ndiyo kwanza anaingia umri huo. Koo likimuuma pamoja na homa, akimeza kwa shida, msingojee lipoe lenyewe wala msimpeleke kwa wakata kimeo. Mpelekeni zahanati aangaliwe. Ikionekana ni bakteria, sindano moja ya penisilini au dawa ya kumeza kwa siku 10, zote bila kuruka, humaliza jambo. Koo lisipotibiwa, wiki 2 hadi 4 baadaye yanaweza kuja maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kifundo cha mguu, pamoja na homa. Mkiona hivyo, njooni siku hiyo hiyo.

Njooni pia akizimia katikati ya kukimbia, kifua kikimuuma anapojitahidi, midomo au ulimi ukigeuka rangi ya buluu, miguu ikivimba, au akianza kubaki nyuma ya wenzake kwenye michezo aliyokuwa akiiweza. Haya yote si ya mvumo alio nao. Yakitokea yatakuwa jambo jipya, na nitamchunguza upya tangu mwanzo.

Kwangu hana miadi mingine. Baada ya miezi 3 mpelekeni Makindu apimwe himoglobini. Ikifika 11.5, dawa ya chuma isimamishwe. Ikiwa haijapanda ingawa ameimeza kila siku, waombeni wachunguze minyoo na sababu nyingine za upungufu wa damu, wala wasimwongezee chupa tu.

Wenu,
Daktari wa moyo wa watoto