Zamu Inayovuka Saa Sita za Usiku: Hesabu ya Saa za Kazi

Tuchukue mfano wa mlinzi wa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Aingia zamu saa tatu na dakika 45 za usiku na kutoka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Katika daftari, karani huandika 21:45 na 06:15. Akitoa muda wa kuingia katika muda wa kutoka, hupata jibu hasi, kwani hesabu hiyo huanza upya kwenye sifuri ifikapo saa sita za usiku.

Kanuni, kwa zamu isiyofika saa 24, ni kuongeza 24 kwenye muda wa kutoka. Hivyo 06:15 huwa 30:15, yaani saa 29 na dakika 75. Ukitoa 21:45, husalia saa 8 na dakika 30. Katika malipo huandikwa 8.5 wala si 8.30, kwa kuwa dakika 30 ni nusu ya saa.

Saa za Kiswahili hazikatizwi na usiku wa manane: 12:15 kutoa 3:45 ni 8:30 moja kwa moja. Mpaka wake ni saa kumi na mbili. Aliyeingia saa nne usiku na kutoka saa moja asubuhi huongezewa 12. 13 kutoa 4 ni 9.

Hatari ni kuchanganya mifumo hiyo miwili. Karani akiandika 3:45 kando ya 06:15, hupata 2:30, na mlinzi hupoteza ujira wa saa sita.