Bajeti ya Kwanza ya Chama: Iwe na Nini, na kwa Mpangilio Gani?

Swali: Tumeunda chama cha watumiaji wa huduma katika kata yetu. Hatujawahi kuandika bajeti. Tuanze na nini?

Jibu: Anzeni na kazi, wala si fedha. Orodhesheni yale mnayokusudia kuyatenda ndani ya mwaka, kisha kadirieni gharama ya kila kazi, na mwisho makisieni mapato. Wanaoanza na mapato huelekea kuyaongeza hadi yatoshe matumizi wanayoyatamani.

Swali: Je, waraka wenyewe ufuate mpangilio huohuo?

Jibu: La. Mpangilio wa kuandaa si mpangilio wa kusoma. Tunashauri waraka uwe na sehemu sita, zikifuatana hivi:

1. Utambulisho: jina la chama, kipindi cha bajeti, na tarehe ya kuandaliwa.
2. Muhtasari: jumla ya mapato, jumla ya matumizi, na ziada au nakisi.
3. Kazi za mwaka na misingi ya makisio.
4. Mapato, kila chanzo na mstari wake.
5. Matumizi, kila kazi na gharama yake.
6. Jedwali la fedha la mwezi kwa mwezi, likifuatiwa na saini za uidhinishaji.

Muhtasari hutangulia kwa sababu mwanachama anayesoma ukurasa mmoja tu anapaswa kujua hali ya chama. Hata hivyo, huandikwa mwisho, baada ya hesabu nyingine zote kukamilika.

Swali: "Misingi ya makisio" ni nini?

Jibu: Ni maelezo ya namna kila tarakimu ilivyopatikana. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 40, ada ikiwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, mwaka mzima utaleta shilingi 1,440,000. Lakini iwapo wanaolipa kwa uhakika ni 30, makisio ya kweli ni shilingi 1,080,000. Andikeni wazi: "Tumekisia walipaji 30 kati ya 40." Walipaji wakipungua, kila mmoja ataona ni wapi makisio yalipopotoka.

Matumizi ya chama hicho ni haya: kodi ya chumba shilingi 480,000, mikutano minne ya hadhara shilingi 240,000, nauli shilingi 120,000, na shajala shilingi 120,000. Jumla ni shilingi 960,000. Akiba ya dharura ya asilimia 5, yaani shilingi 48,000, inafikisha shilingi 1,008,000. Ziada ni shilingi 72,000.

Swali: Ikiwa kuna ziada, jedwali la mwezi kwa mwezi lina faida gani?

Jibu: Ziada ya mwaka haimaanishi kwamba fedha zipo siku zinapohitajika. Katika mfano wetu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 240,000 mwezi Januari. Nauli na shajala ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Januari basi inahitaji shilingi 260,000, ilhali ada zitakazoingia ni shilingi 90,000. Chama kinapungukiwa shilingi 170,000 mwezi wa kwanza, ingawa bajeti ya mwaka inaonyesha ziada.

Jedwali hufichua pengo hilo mapema, na pia huwasaidia kupima dawa yake. Tuseme mwenye nyumba amekubali kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, na walipaji wote 30 wametoa ada ya Januari na Februari kwa pamoja. Januari itaingiza shilingi 180,000 na kutoa shilingi 140,000, hivyo shilingi 40,000 zitabaki. Lakini mkutano wa hadhara ukifanyika Machi, kodi ya Aprili itapungukiwa shilingi 20,000. Ukisogezwa hadi Mei, kila mwezi utajitosheleza.

Swali: Tumeahidiwa mchango na mfadhili. Tuuweke katika mapato?

Jibu: Ahadi isiyo na barua wala tarehe isihesabiwe katika jumla. Iwekeni katika mstari wa pembeni wenye kichwa "Yanayotarajiwa", pamoja na kazi itakayofanyika endapo fedha zitapokelewa. Kodi na nauli zisitegemee mstari huo kamwe.

Swali: Nani atie saini?

Jibu: Mweka hazina huandaa, kamati hupitia, na mkutano mkuu huidhinisha, isipokuwa katiba ya chama ikielekeza vinginevyo. Waraka utiwe saini na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na tarehe ya mkutano. Acheni pia safu tupu yenye kichwa "Matumizi halisi" kando ya makisio, ijazwe kila mwezi kwa kufuata stakabadhi. Safu hiyo ndiyo itakayowapa makisio ya mwaka wa pili.