Kumkatalia Mgeni Anayeomba Umlee Kitaaluma

Mhandisi wa maji aliyeko Nzega, akiandika kwenye wasifu wake wa LinkedIn kwamba alishiriki mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Tabora, Igunga na Nzega, ajiandae kupokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua. Wengi watakuwa wahitimu. Ujumbe wenyewe huwa hivi: “Shikamoo mkuu. Nimemaliza chuo mwaka jana, nimeona wasifu wako nikavutiwa sana. Naomba uwe menta wangu.” Hakuna swali ndani yake, wala hajasema anataka nini hasa. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyepokea ujumbe wa namna hiyo, ana nia njema, lakini muda hana.

Kabla ya kujibu, soma ujumbe mara ya pili ujue unaombwa nini. Kuna anayetafuta kazi ila ameona haya kusema. Kuna mwenye jambo moja linalomsumbua, ambalo ungelimaliza kwa mistari mitatu. Na kwa wahandisi kuna wa tatu, ambaye ndiye mzito kuliko wote: mhandisi mhitimu anayetafuta mtu wa kumsimamia kwenye mpango wa mafunzo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unaojulikana kwa kifupi kama SEAP. Mpango huo huchukua takribani miaka mitatu, na anayemsimamia mhitimu ni mhandisi aliyesajiliwa, ambaye huweka saini yake kuthibitisha kazi iliyofanyika. Huyu ukimkubalia kwa huruma, kisha yeye akawa Mbeya na wewe Nzega, siku moja atakuletea karatasi uthibitishe kazi ambayo hukuiona kwa macho. Hapo suala si muda tena, ni usajili wako mwenyewe. Mkatalie bila kusita, na mwambie sababu ni hiyo.

Kwa wengine, piga hesabu ya muda kabla hujajishauri kwamba “si jambo kubwa”. Saa moja kila baada ya wiki mbili ni saa 26 kwa mwaka, na hapo hujasoma wasifu wake wa kazi, hujamwandikia barua ya utambulisho, wala hujapokea simu anayopiga usiku kabla ya usaili. Mtu ambaye nusu ya wiki yuko vijijini na vyombo vya watoa huduma ya maji, akirudi mjini anakuta ripoti zinamsubiri, saa hizo hana.

Usibonyeze kukubali ombi la kuunganishwa kabla hujaamua. Mgeni akiona umemkubali kisha ukanyamaza, kwake hiyo ni dalili kwamba jibu linakuja, na atasubiri. Ombi la kuunganishwa ukilipuuza, mtandao haumpelekei taarifa. Lakini kama ameandika ujumbe wa adabu, kupuuza tu si uungwana. Mjibu ndani ya wiki moja.

Kinachowashinda wengi wetu ni kusema hapana yenyewe. Tumelelewa kumkatalia mtu kwa kuzunguka: “tutaangalia”, “nitafute baada ya sikukuu”, “Mungu akipenda”. Uso kwa uso mwenzako anakusoma sura na kuelewa. Kwenye maandishi hana sura ya kusoma, ana maneno tu, na kijana asiye na kazi huyashika maneno hayo kama ahadi. Mwandikie “kwa sasa nimebanwa kidogo” naye ataweka alama kwenye kalenda arudi mwezi ujao. Atarudi kweli, na safari hii utakuwa na deni. Kwa hiyo “kwa sasa” iache, isipokuwa unajua mwezi utakaokuwa na nafasi na uko tayari kuutaja.

Jibu linalofaa huanza na salamu. Tukiandika Kiingereza huwa tunairuka, na ndiyo maana kwa maoni yangu hata aliyekuandikia kwa Kiingereza, kama ni Mtanzania mwenzako, mjibu kwa Kiswahili. Kukataa kunapungua makali. Baada ya salamu, hapana ije mapema, sentensi ya pili au ya tatu. Sababu iwe moja, fupi, ya kweli. Ukitoa sababu nne, utakuwa umempa nne za kujadiliana nawe: ukisema simu yako inasumbua, atasema atakutumia barua pepe. Kisha mpe kitu kimoja ambacho hakitakurudisha kwenye mazungumzo. Mfano wa jibu kamili:

“Marahaba, ndugu yangu. Asante kwa kuniandikia na hongera kwa kuhitimu. Sitaweza kuwa menta wako, kwa sababu kazi ninazosimamia hazinipi muda wa kumfuatilia mtu inavyostahili. Kama bado hujajisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, anza na hilo, kisha uwaulize kuhusu SEAP. Kama unachotafuta ni nafasi ya kupata uzoefu, huduma ya ajira ya TaESA huwaunganisha wahitimu na waajiri. Nakutakia kila la heri.”

Jibu hilo unaweza kulitunza kwenye simu na kulibadilisha kidogo kila mara. Ila sentensi ya mwelekeo ibadilike kweli. Mhasibu umwelekeze Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Anayetaka ajira ya serikali, mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, yaani portal.ajira.go.tz. Mwelekeo usiomhusu humwonyesha kwamba ujumbe wake hukuusoma.

Mambo mawili usiyatoe kama kifuta machozi. La kwanza ni namba yako ya simu, maana mazungumzo yakihamia WhatsApp, hapana yako imekwisha nguvu. La pili ni jina la mwenzako wa ofisini. Kumwambia mgeni “mtafute fulani, yeye ana nafasi” bila kumuuliza huyo fulani ni kumtwisha mzigo ulioukwepa wewe.

Mwombaji akiwa amekuzidi umri, na hutokea kwa wanaobadili fani ukubwani, wewe ndiye unayetanguliza shikamoo, na neno “hongera kwa kuhitimu” liondoe. Mengine yanabaki vilevile.

Wachache watajibu: “Hata dakika tano tu, mkuu.” Hapa angalia kama sasa amekuja na swali. Akiuliza, kwa mfano, kama mtu wa stashahada kutoka Chuo cha Maji aombe kazi kwanza au aendelee na shahada, mjibu kwa sentensi mbili na umwambie jibu lako linaishia hapo. Kama hana swali, rudia hapana yako kwa maneno machache zaidi: “Nimekuelewa, lakini jibu langu ni lile lile. Kila la heri.” Usiongeze sababu mpya, kwa kuwa sababu mpya humfanya aamini kwamba ile ya kwanza haikuwa ya kweli.

Akiandika mara ya tatu, huwajibiki kujibu. Akianza kutuma lawama au kukutaja hadharani, mfungie, na usimjibu hadharani.