Dondoo muhimu: Pointi za Bonga, zipi utumie kwanza?

Kijana akikutumia huko Nyamache picha ya skrini yenye pointi zako za Bonga na orodha ya zawadi, isome hivi kabla ya kubonyeza chochote.

1. Angalia saa na tarehe ya picha. Salio la juzi si la leo, hivyo piga *126# uhakikishe.

2. Usikimbilie zawadi ya juu kabisa kwa sababu pointi zinatosha. Gawa bei yake dukani kwa pointi inazokula. Tuseme una pointi 1,200: spika za masikioni zinazouzwa shilingi 150 sokoni zinataka 1,000, yaani senti 15 kwa pointi. Bando la shilingi 50 linataka 200, yaani senti 25. Bando limeshinda, na bado unabaki na pointi 1,000.

3. Hesabu hiyo ni halali tu kwa kitu ambacho ungekinunua kwa pesa yako. Bando la saa 24 lichukue siku ya kulitumia. Ukichukua matano kwa pamoja, mengi yataisha muda bure.

4. Dukani, uliza kiwango cha siku hiyo kabla ya kulipia unga kwa pointi. Aprili 2020 Safaricom ilihesabu pointi 10 kuwa shilingi 3, lakini viwango hubadilika.

5. Ukimpelekea mtu mwingine picha hiyo akusaidie, ficha nambari yako ya simu. Anayekusaidia kuisoma hahitaji PIN yako, akiiomba, mnyime.