Ganzi au Nusu Kaputi? Yafahamu Haya Kabla ya Kuingia Chumba cha Upasuaji

Mkaazi wa Kwale anapoambiwa atafanyiwa upasuaji, swali la kwanza huwa ni moja: "Nitalazwa nusu kaputi?" Neno hilo limezoeleka kutumika kwa kila dawa ya kuondoa maumivu wakati wa upasuaji. Kwa mtaalamu anayetoa dawa hizo, hata hivyo, kuna njia kadhaa tofauti, na kila moja ina hatari zake. Mgonjwa anayezijua hutoa majibu yanayomsaidia mtaalamu kumlinda.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni ganzi: sehemu ya mwili inakufa ganzi lakini mgonjwa yuko macho. Ya pili ni dawa ya kusinzisha, ambayo hutolewa kwa mfano mtu anaporudishiwa kiungo kilichoteguka. Mgonjwa husinzia, lakini anaendelea kupumua mwenyewe na akiitwa huitika. Ya tatu ndiyo nusu kaputi yenyewe. Hapo mgonjwa hulala kabisa, hasikii lolote, na mara nyingi hupumua kwa msaada wa mtaalamu na mashine.

Mfano wa mama anayejifungua kwa upasuaji

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29 kutoka Diani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na wa pili amepangiwa vivyo hivyo katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, siku ya Jumanne saa mbili asubuhi. Jumatatu jioni mtaalamu wa nusu kaputi anafika kitandani kwake.

"Mama, umewahi kupewa ganzi au nusu kaputi? Ilikuwaje?" anauliza. Kisha anaendelea: je, kuna dawa inayomletea vipele au kumvimbisha? Ana pumu, shinikizo la damu au kisukari? Anakunywa dawa zozote, zikiwemo za miti shamba? Ana jino linalotikisika au la bandia? Kuna mtu wa familia aliyewahi kupata matatizo akiwa usingizini? Kwa wagonjwa wengine ataulizia pia sigara, pombe ya mnazi na muguka. Haulizi ili amhukumu mtu. Muguka, kwa mfano, huweza kuongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na mtaalamu asipojua hilo anaweza kuielewa vibaya hali anayoiona.

Kwa mama huyu mtaalamu anapendekeza ganzi ya uti wa mgongo, njia inayotumika zaidi kwa uzazi wa upasuaji. Ataketi na kuinamisha mgongo. Sindano nyembamba itaingizwa sehemu ya chini ya mgongo, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na dawa kidogo, kama mililita 2 hivi, itawekwa katika maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Baada ya dakika chache miguu itahisi joto, kisha uzito. Kabla ya daktari kukata, mtaalamu atapima kwa kitu baridi kuhakikisha ganzi imefika juu vya kutosha.

Mama atahisi kuguswa na kuvutwa, lakini hatakiwi kuhisi makali ya maumivu. Akiyahisi, aseme papo hapo, kwani safari nyingine ganzi haishiki vizuri na huenda ikabidi apewe nusu kaputi.

Hatari zake ni zipi?

Linalotokea mara nyingi ni shinikizo la damu kushuka. Mama huhisi kizunguzungu au kichefuchefu. Akisema mapema, mtaalamu humpa maji ya mshipani na dawa ya kulipandisha. Akihisi vidole vya mikono vinakufa ganzi, au pumzi na sauti vinakuwa vizito, aseme pia, kwa kuwa ganzi huenda imepanda juu kuliko ilivyokusudiwa.

Takriban mtu 1 kati ya 100 hupata maumivu ya kichwa siku chache baadaye. Dalili yake ni kuwa kichwa huuma zaidi mama anapoketi au kusimama, na hupoa anapolala chali. Mama wa namna hiyo arudi hospitali badala ya kumeza dawa za maumivu nyumbani tu, kwa sababu tiba ipo.

Akina mama wengi huogopa kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya mgongo ya maisha. Mahali palipochomwa panaweza kuuma kwa siku kadhaa. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu, hata hivyo, huwapata pia waliojifungua bila sindano, kwani mimba yenyewe huuchosha mgongo. Madhara ya kudumu kwa mishipa ya fahamu yapo, lakini ni nadra sana.

Uji wa alfajiri

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi hulificha. Jumanne alfajiri mama mkwe anafika na chupa ya uji. "Mwanangu, utaingiaje huko na njaa?" Mama anakunywa kikombe kimoja na kuona aibu kusema.

Mtu akilala nusu kaputi, misuli inayozuia chakula kurudi juu hulegea, na kikohozi kinacholinda njia ya hewa hupotea. Uji ulioko tumboni unaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni pamoja na asidi ya tumbo. Hilo huweza kuua. Hata aliyepangiwa ganzi hufunga kula, kwa kuwa ganzi isiposhika, nusu kaputi ndiyo itakayofuata.

Kanuni ni hii: chakula kisipungue saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2. Chakula cha mafuta mengi, kama mahamri, huhitaji muda zaidi. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kama chakula. Mtoto anayenyonya hukaa saa 4 bila maziwa ya mama. Kwa upasuaji wa saa mbili asubuhi, basi, mwisho wa kula ni saa nane usiku, na mwisho wa maji ni saa kumi na mbili alfajiri. Hospitali ikitoa maagizo tofauti, yafuatwe hayo.

Mama akisema, "Daktari, nimekunywa uji saa kumi na moja," upasuaji wake utasogezwa mbele. Atakuwa amepoteza saa chache tu. Ikiwa ni dharura, hawatangoja, lakini watajua kuwa tumbo limejaa na watachukua tahadhari.

Baada ya upasuaji

Nguvu za miguu hurudi baada ya saa kadhaa, kwa hivyo mama asishuke kitandani peke yake. Aliyepewa nusu kaputi au dawa ya kusinzisha na kuruhusiwa siku hiyo hiyo aondoke na mtu mzima. Kwa saa 24 asiendeshe gari wala bodaboda, na asitie sahihi mkataba wowote, hata akijiona yuko sawa.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, uliza:

- Nitapewa ganzi, dawa ya kusinzisha au nusu kaputi, na kwa nini hiyo?
- Kwa hali yangu, hatari kubwa ni ipi?
- Njia hiyo isipofaulu, mtafanya nini?
- Mwisho wa kula na wa kunywa maji ni saa ngapi?

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu na hatari zake kwa lugha anayoielewa. Ikiwa Kiswahili hakikutoshi, omba uelezwe kwa Kidigo, Kiduruma au lugha yako, na mwite jamaa akusaidie kusikiliza.